Savei za kulipwa na kutesti apu: zipi nimelipwa kweli, na saa moja inaingiza shingapi

Watu wananiuliza sana kama hizi savei za mtandaoni zinalipa kweli ama ni utapeli tu, na jibu langu ni kwamba zipo zinazolipa, mi mwenyewe nimelipwa, ila hela yake ni ndogo kuliko watu wanavyofikiria na ukitaka kuijua vizuri lazima upige hesabu kwa saa, sio kwa savei moja. Hapo ndipo wengi wanapotea. Mtu anaona kwenye skrini imeandikwa senti 75 kwa dakika 15 anazidisha mara nne anasema basi hiyo ni dola 3 kwa saa, mbona sio mbaya. Haiwi hivyo hata siku moja, na ntaeleza kwa nini.

Savei inavyofanya kazi ni hivi. Kampuni fulani inataka maoni ya watu wa aina fulani, mfano kina mama wenye watoto chini ya miaka 5 ambao wamenunua sabuni ya unga mwezi huu, basi inalipa kampuni ya utafiti, na ile ya utafiti inatafuta watu kupitia hizi saiti tunazojiunga. Sasa kabla hujaanza savei yenyewe kuna maswali ya mchujo, wanakuuliza umri, kazi, kama una gari, umenunua nini karibuni. Usipofanana na mtu wanayemtafuta unatolewa. Na hata ukifanana, kila kundi lina idadi yake, wakishapata watu wa kutosha wa umri wako mlango unafungwa ukiwa ndani tayari. Muda ulioutumia kwenye mchujo haulipwi, au unapewa senti moja ya pole.

Kuna jioni moja niliamua kuandika kila kitu kwenye karatasi, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Savei ya kwanza iliandikwa senti 75, nikajibu mchujo dakika 4 nikatolewa. Ya pili senti 50, hiyo ilinifikisha dakika ya 8 ndo ikasema nafasi zimejaa, nikapewa senti 1. Ya tatu ikakubali, senti 60, iliandikwa ni dakika 12 lakini ilichukua 20 manake kulikuwa na yale majedwali marefu ya kupima kila kitu toka 1 hadi 10. Weka na dakika kama 8 za kusubiri kurasa zifunguke na kutafuta savei inayofuata. Jumla dakika 40, hela senti 61. Kwa saa nzima hiyo ni kama senti 90, hata dola haifiki, na bado sijatoa hela ya bando. Na ile jioni haikuwa mbaya kihivyo, kwenye saiti za savei za kawaida ndo mwendo wenyewe.

Wala sio kwamba ni mimi tu nina mkosi. Kuna utafiti wa 2018 uliofanywa kuhusu Amazon Mechanical Turk, ile saiti ya kazi ndogondogo za mtandaoni ambayo watafiti wanaitumia sana pia kwa savei, waliangalia wafanyakazi 2,676 na kazi karibu milioni 3.8 wakahesabu na ule muda usiolipwa, wakakuta ukiwapanga wote kwa mapato, aliye katikati anapata kama dola 2 kwa saa, na waliozidi dola 7.25 kwa saa walikuwa asilimia 4 tu. Hizo ni kazi za kweli kwenye saiti ya kweli, yaani uhalali na malipo mazuri ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kitu kingine kinachoficha udogo wa hela ni pointi. Saiti nyingi hazikuonyeshi senti, zinakuonyesha pointi, Swagbucks kwa mfano pointi zao 100 ni dola 1, kwa hiyo ukiona savei ya pointi 40 ujue hiyo ni senti 40, sema macho yanaona 40 moyo unafurahi. Saiti zingine dola 1 ni maelfu ya pointi. Mi siku ya kwanza nikijiunga popote natafuta kwanza ukurasa wa kutoa hela, naangalia pointi ngapi ni dola ngapi, kiwango cha chini cha kutoa ni kipi, na wanalipa kwa njia gani. Kama kiwango cha chini ni dola 25 na unaingiza senti 90 kwa saa, hizo ni saa 27 na zaidi kabla hujashika kitu chochote, na pointi zingine zina muda wa kuisha. Afadhali saiti yenye kiwango cha chini cha dola 1 mpaka 5 hata kama savei zake ni chache. Google Opinion Rewards ni mfano mzuri wa kitu halali kilicho wazi kuhusu udogo wake, wanatoa mpaka dola 1 kwa savei lakini nyingi ni senti chache, ni maswali machache unamaliza chini ya dakika, na kwenye simu za Android hela inakuja kama salio la Google Play, sio pesa ya kutia mfukoni.

Upande wa malipo yenye afadhali kuna Prolific, hiyo ni ya tafiti za vyuo na makampuni, na wao wameweka sheria kwamba mtafiti hawezi kulipa chini ya dola 8 kwa saa. Na mchujo wao kwa kiasi kikubwa unafanyika kabla kupitia profaili yako, kwa hiyo savei ukiiona kwenye orodha mara nyingi ni kwamba unafaa tayari. Tatizo ni kwamba hawapokei watu kutoka nchi zote, na wengine wanawekwa kwenye foleni muda mrefu. Hapo ndo watu wanaanza kununua akaunti za watu wengine au kutumia VPN kujifanya wako nchi nyingine. Usifanye hivyo. Wanaweza kukuacha ufanye kazi, halafu siku yoyote wakataka kitambulisho, jina halifanani na akaunti ya malipo, akaunti inafungwa na kila kilichomo kinabaki humo. Na yule aliyekuuzia akaunti anaweza kuirudisha kwake saa yoyote anayotaka.

Sasa kutesti. Kutesti apu na tovuti ndo kulinilipa vizuri kuliko savei zote, ila ni kazi tofauti kabisa. UserTesting kwa miaka mingi wamekuwa wakilipa dola 10 kwa testi ya dakika kama 20 na dola 4 kwa fupi, kupitia PayPal, na hailipwi hapohapo, inasubiri siku kadhaa. Kuna testi ya mazoezi kwanza wanaangalia kama sauti yako inasikika na kama unajua kuongea unachofikiria. Hicho ndo kitu wanachonunua: sauti yako wakati unahangaika na skrini. Testi moja niliyofanya ilikuwa duka la viatu, nikaambiwa tafuta kiatu namba 40 cha kutembelea, weka kwenye kapu, endelea mpaka kabla ya kulipa halafu simama. Anayeanza atabofya kimya kimya halafu mwisho aseme tovuti ni nzuri, na hiyo inapata alama ndogo na mialiko inapungua. Mi nilisema hivi kwa sauti, natafuta sehemu ya kuchagua namba, naiona ya rangi lakini ya namba siioni, nadhani iko chini, nateremsha, kumbe ilikuwa juu chini ya picha, nilitegemea iwe karibu na bei. Sentensi kama hiyo ndo mwenye tovuti anaitaka kwa sababu anajua pa kurekebisha. Hauhitaji kusifia wala kuponda. Unahitaji chumba kimya, maikrofoni inayosikika, na intaneti isiyokatika manake rekodi ikikatika testi haihesabiki.

Lakini na huku mchujo upo. Ukijumlisha maswali ya mchujo ya wiki nzima unaweza kufika nusu saa ndo upate testi moja ya dakika 20. Kwa hiyo dola 10 kwa dakika 50, ni kama dola 12 kwa saa, nzuri sana ukilinganisha na senti 90, ila hiyo saa haipatikani kila siku. Kuna wiki unapata mbili na kuna wiki hupati kabisa. Ukimkuta mtu anakwambia anaishi kwa kutesti peke yake muulize anafanya na nini kingine. Kuna na aina ile ya kutafuta makosa, kama uTest, huko unalipwa kwa kila kosa linalokubaliwa, na kosa ambalo mwingine ameshalileta kabla yako halilipwi, kwa hiyo unaweza kukaa jioni nzima ukapata sifuri kama umechelewa kuingia.

Halafu kuna ule utapeli unaojiita kutesti apu, na huu naomba usome vizuri kwa sababu umewapata watu makini. Unapata ujumbe WhatsApp au Telegram kutoka kwa mtu usiyemjua, kazi ni kubofya apu kuzipa nyota au "kuzipandisha", seti moja ya mibofyo nusu saa, na unalipwa. Na mara ya kwanza unalipwa kweli! Unatoa hela ndogo inaingia, unaamini. Baada ya siku mbili tatu inakuja kazi wanayoita maalum, salio lako linageuka hasi, unaambiwa weka dola 50 za kripto ili ufungue kazi na upate faida kubwa, ukiweka inakuja nyingine ya dola 200, na zile namba za faida unazoziona kwenye skrini ni maandishi tu hakuna hela nyuma yake. Ndo maana mi siamini hoja ya "nimeshatoa, inalipa". Malipo ya kwanza ni chambo. Ninachoangalia ni hela inaelekea wapi, saiti ya kweli haikuombi senti hata moja, sio ya usajili, sio ya kufungua ngazi, sio ya "kodi" kabla ya kutoa. Ikishaomba tu, natoka hapohapo, hata kama wanadai nina dola 300 ndani.

Sa hizi nimebaki na akaunti chache, nina barua pepe ya pembeni kwa ajili yake tu manake matangazo ni mengi, na nikifika kiwango cha kutoa natoa siku hiyohiyo bila kulimbikiza. Arifa za testi naziacha wazi nikiwa kwenye kompyuta kwa sababu nafasi zinajaa ndani ya dakika chache. Savei nafanya zile tu zinazolipa angalau senti 5 kwa dakika, na ikinitoa mara mbili mfululizo nafunga saiti mpaka kesho.