Nilivyotambua ukuta wa Mjerumani na kuuchomea matofali yake

Jiko la uani la nyumba moja ya zamani pale Gerezani lilikuwa limemomonyoka, na mwenyewe alitaka kila upande uzibwe kwa matofali ya aina yake. "Huu mwekundu sana ndio wa Mjerumani, mwanangu," bibi aliniambia, "ule uliopauka ni wa juzi."

Rangi peke yake hainishawishi. Katika tanuru moja, tofali lililokaa karibu na moto hutoka jekundu la kuiva na la pembezoni hutoka limepauka, yote siku moja.

Nikatoa futi. Kimo cha safu nne pamoja na chokaa kilikuwa kama sentimita 31 pande zote mbili, na hapo wengi hukwama. Tofali la Kijerumani lililowekwa rasmi mwaka 1872 lina sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5. La Kiingereza lilikaribiana nalo kwa kimo, lakini urefu wake ni kama 22. Kwa hiyo nilipima urefu wa matofali mengi na kuchukua wastani, maana la kuchomwa halinyooki. Upande mwekundu ulikuwa 22, uliopauka 25. Waingereza waliiteka Dar mwaka 1916, kwa hiyo mwekundu ndio wa baadaye na uliopauka ndio wa Mjerumani; bibi alikuwa amezichanganya pande.

Bado tofali la zamani huweza kubomolewa na kujengewa tena. Nikachomoa machache yaliyolegea nikaangalia nyuso za ndani: hakuna chokaa ya aina nyingine iliyogandia. Nikaridhika.

Kupata matofali mapya ya sentimita 25 ilibidi nifyatue. Kwa fundi wa tanuru, njia ya kwenda Kisarawe, nilifyatua tofali la majaribio na kulichora mstari wa sentimita 20 likiwa bichi. Lilipochomwa mstari ulibaki 18.4, yaani udongo ule hunywea asilimia 8. Basi kibao cha kufyatulia nikakichonga ndani 27.2 kwa 13 kwa 7.1.

Matofali yalikauka kivulini hadi yakageuka rangi hata katikati. Tulivunja moja kuhakikisha. Tukayapanga tukiacha midomo ya kuni chini, tukasiriba nje kwa tope. Moto wa mwanzo ulikuwa mdogo mpaka mvuke mweupe ulipokoma juu, kwani ukikazana mapema maji hugeuka mvuke ndani na kupasua tofali. Ndipo tukaongeza magogo. Baada ya moto tuliliacha tanuru lipoe lenyewe, kwa sababu ukilifungua likiwa na joto upepo huyapasua.

Ya kupauka niliyachukua pembezoni, lakini nikiyagonga mojamoja: lenye mlio mkali linafaa, lenye mlio wa kufa bado ni udongo na mvua italila. Yaliyopinda kwa kuiva mno nikayatupia kwenye msingi, huko hayaonekani wala hayanywi maji.