Siku moja maishani mwangu: ushuhuda wa jiko na hesabu ya debe la makaa

Watu wengi hapa Kisumu wanaposikia kwamba kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara matangazo yanayotokana na shuhuda za wateja wao, hudhani kwamba ninaketi chumbani kutunga maneno matamu na kuyabandika jina la mtu asiyekuwapo. Ninaandika haya ili waione siku moja ya kazi hiyo jinsi ilivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya siku huenda katika kupiga simu na kuuliza maswali, na ni kidogo tu inayobaki kwa kuandika.

Saa moja asubuhi niko mezani kwangu Kondele, nikisikiliza ujumbe wa sauti ulioingia usiku na kuuandika neno kwa neno katika daftari. Ninauandika wote, pamoja na kusitasita na malalamiko yaliyomo, kwa maana nikianza kuchagua mapema nitasahau nilichokiacha. Kando ya kila ushuhuda ninaweka tarehe, bidhaa iliyonunuliwa, kama mteja alipewa punguzo au zawadi ili aseme, na kama amekubali maneno yake yatumike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuondoa idhini yake baadaye, kwa hiyo ninaandika pia kila mahali ushuhuda ulipochapishwa, ili nijue pa kuufuta akibadili nia.

Kufikia saa tatu na nusu nilikuwa nimemaliza maelezo ya picha za mpishi wa sherehe wa Milimani na kumrudishia muuzaji wa mashine za kutotolea vifaranga wa Ahero rasimu yake, kazi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Saa nne akapiga simu mfanyabiashara ambaye mafundi wake hutengeneza majiko ya makaa karibu na soko la Kibuye, yale yenye ganda la bati na udongo wa kuchoma ndani. Alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti wa mteja wake, mama mmoja wa Nyalenda, pamoja na tangazo alilokwisha kuliandika mwenyewe: "Jiko hili huokoa nusu ya makaa yako!" Alitaka nilirembeshe kidogo na kulipeleka kwenye ukurasa wake wa Facebook kabla ya saa sita.

Nilimwambia, "Mzee, nipe muda nimsikilize mama kwanza."

"Binti yangu," akajibu, "mama amesema mwenyewe. Debe lilikuwa likimtosha siku nne, sasa linamtosha siku sita. Siku mbili juu ya nne si nusu?"

Hapo ndipo siku yangu ilipokwama. Hesabu yake haikuwa uongo wa makusudi, na ninaikuta mara nyingi hata kwa watu waangalifu. Siku zimeongezeka kwa nusu, ndiyo, lakini kinachonunuliwa ni makaa, wala si siku. Nilimwomba achukue kalamu tuhesabu pamoja siku 12. Kwa jiko la zamani, debe moja kwa siku nne, mama angetumia madebe 3. Kwa jiko jipya, debe moja kwa siku sita, angetumia madebe 2. Ameokoa debe 1 kati ya 3, yaani theluthi. Ili aokoe nusu, debe lingepaswa kumfikisha siku ya nane. Alinyamaza kidogo, kisha akasema theluthi ni hesabu ya darasani ambayo hakuna anayeinunua sokoni, na kwamba washindani wake wote wanaandika nusu.

Ningeweza kukubali theluthi na kuendelea, kwa kuwa hesabu ilikuwa sawa. Lakini ushuhuda unaweza kuwa na hesabu sahihi na bado umpotoshe msomaji, iwapo kitu kingine kilibadilika nyumbani wakati uleule bidhaa ilipoingia. Kwa hiyo, baada ya mwenye majiko kukata simu akiwa hajaridhika, nikampigia mama wa Nyalenda.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Niliandika kazi nyingine kidogo, nikapiga tena, ikaita bila kupokelewa, na huku mwenye majiko akinitumia ujumbe kila baada ya muda mfupi akiuliza tangazo limefika wapi. Mama alipopokea ilikuwa imekaribia saa nane, alikuwa sokoni, na ilibidi anieleze katikati ya kelele za wateja wake wa omena.

Baada ya salamu nilimwuliza, "Mama, mwezi ule ulipoanza kutumia jiko hili, mlikuwa mnakula wangapi nyumbani?"

Akahesabu. Jiko alilinunua mwanzoni mwa Januari, wiki ileile watoto wake wawili kati ya wanne walipoenda shule za bweni. Zile siku nne zilikuwa za Desemba, nyumba ikiwa imejaa. Siku sita zilikuwa za sasa, midomo miwili ikiwa imepungua. Jiko lilikuwa likipewa sifa ambayo sehemu yake ni ya shule.

Huwa sijadiliani na mteja kuhusu kumbukumbu yake wala simwekei namba mdomoni. Ninachofanya ni kutafuta kipindi kinachofanana. Nikamwuliza kuhusu likizo ya Aprili, watoto wote walipokuwa wamerudi, na kama bado alikuwa akinunua debe kwa muuzaji yuleyule, kwa sababu debe la mmoja hujazwa hadi kufurika na la mwingine huishia ukingoni. Alikuwa na muuzaji yuleyule. Alifikiri, akaniambia kwamba likizo ile debe lilikuwa likiisha siku ya tano, na analikumbuka hilo kwa sababu alikuwa akinunua Jumapili na kuishiwa Alhamisi jioni.

Sasa tulikuwa na kulinganisha kwa haki: nyumba ileile, watoto walewale, muuzaji yuleyule, siku nne dhidi ya siku tano. Katika siku 20, jiko la zamani lingekula madebe 5 na jipya madebe 4. Ameokoa debe 1 kati ya 5. Namba ilikuwa imeshuka kutoka nusu hadi sehemu moja ya tano, na ninajua vizuri jinsi mwenye biashara anavyoumia akisikia hivyo.

Kabla sijamwachia mama arudi kwa wateja wake, nilimsomea maneno yake mengine ili aniambie kama yatumike. Mojawapo lilikuwa hili: kwamba usiku wa baridi hulipeleka jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha, "na halinisumbui, halina moshi." Alikuwa akisema kweli jinsi alivyoiona. Hata hivyo, makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na kukosekana kwa moshi hakumaanishi kwamba hewa hiyo haipo. Watu hulala nayo chumbani wasiamke. Jiko la udongo linaweza kupunguza makaa yanayotumika, lakini haligeuzi makaa kuwa kitu kingine. Nilimwomba, kwa heshima ya mtoto kwa mama, asilale nalo tena ndani, nikamweleza sababu, naye akashtuka kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia.

Maneno hayo nisingeyatumia hata kama angesisitiza. Nukuu ya kweli ikiwekwa kwenye tangazo huwa ni maneno ya muuzaji pia, na mtu wa Manyatta atakayeisoma na kufunga dirisha lake hataulizia ni nani aliyeisema kwanza. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inahesabu kutia chumvi, na hata kulinyamazia jambo la msingi, kuwa upotoshaji iwapo mnunuzi anadanganyika kwalo.

Mama alikubali maneno mengine yatumike, ila bila picha na bila jina, akapendekeza tumwite mama wa watoto wanne wa Nyalenda.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Ninakumbuka kwamba jua lilikuwa limegeukia dirishani na kichwa kinaniuma nilipoanza kuandika, na kwamba sehemu hii, ambayo watu hudhani ndiyo kazi nzima, ilikuwa fupi kuliko zote. Hili ndilo nililomtumia mwenye majiko:

"Desemba, watoto wangu wote wanne wakiwa nyumbani, debe moja la makaa lilikuwa likiisha siku ya nne. Nikanunua jiko hili. Likizo ya Aprili, watoto walewale, debe lilikuwa likiisha siku ya tano. Asubuhi linachelewa kidogo kukolea, lazima uliwashe mapema, lakini likishakolea linakaa na moto hadi maharagwe yaive." Mama wa watoto wanne, Nyalenda.

Chini yake, nje ya alama za nukuu ili ijulikane kwamba ni sauti ya muuzaji, niliandika kwamba huu ni uzoefu wa nyumba moja, kwamba matumizi hutofautiana kwa idadi ya watu na aina ya chakula, na kwamba jiko la makaa litumike mahali penye hewa, mlango au dirisha likiwa wazi, na lisiachwe chumba cha kulala.

Alipiga simu mara tu alipousoma. Hakupenda neno linachelewa. Nilimweleza kwamba udongo hunyonya joto la kwanza kabla ya kulirudisha, kila mnunuzi ataligundua hilo asubuhi ya kwanza, na asiyeambiwa atadhani ameuziwa jiko bovu na kulirudisha. Tena, msomaji anayeona kasoro ndogo imetajwa ana sababu ya kuamini sifa inayofuata, na mama anayehesabu debe kwa siku anaelewa siku ya tano upesi kuliko anavyoelewa asilimia. Alitaka angalau tutaje shilingi alizookoa. Nikakataa, kwa sababu bei ya debe hupanda mvua zinaponyesha na namba ya leo itakuwa ya uongo mwezi ujao. Tulivutana kuhusu shilingi hizo kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote, na sauti yangu ilikuwa imechoka, lakini sikuziandika.

Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kidogo: "Na kama wengine wanaokoa zaidi ya huyu mama?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku nzima, na nilifurahi kwamba limetoka kwake. Nilimwambia hatuwezi kujua kwa kuwasikiliza wale wanaotuma sifa peke yao, kwa hiyo anipe orodha ya wote walionunua Januari, pamoja na waliorudisha majiko, baada ya kuwauliza kama wanakubali kupigiwa simu. Kila mmoja nitamwuliza maswali yaleyale: mlikuwa wangapi, mlipika nini, debe la nani, liliisha siku ya ngapi kabla na baada. Wakipatikana wa kutosha, tutaandika kiwango cha chini na cha juu walichokitaja, tukisema ni watu wangapi walioulizwa.

Tangazo lilitoka saa mbili usiku likiwa kama nilivyoliandika. Orodha ilifika muda mfupi baadaye, na waliorudisha majiko wamo, mmoja akiwa na maelezo kwamba udongo ulipasuka. Kesho nitaanza na huyo.