Ukuta wa milimita 10

Hii ni ya 2003, niko fomu ya pili, shule moja huku Eastlands, na somo lenyewe ni Droing na Dizaini. Ijumaa jioni kengele ikikaribia kulia mwalimu akachora bloku kwa ubao, aisometriki, ile ya kuonyesha pande tatu kwa mchoro mmoja, akaweka mshale wa kuonyesha fronti iko upande gani, halafu akasema Jumatatu anataka orthografiki ya hiyo kitu, fasti engo yaani njia moja ya kupanga mionekano kwa karatasi, skeli ya 1:1, mionekano mitatu yaani fronti, saidi na plani ya kutoka juu, na saidi iwe ile ya mtu amesimama kushoto. Nikanakili haraka haraka kwa daftari nikaenda nyumbani.

Wacha niieleze hiyo bloku vizuri juu kila kitu kinatoka hapo. Ukiiangalia kwa fronti ni herufi L. Urefu wake 80, chini kuna mguu wenye kimo cha 20, halafu upande wa kushoto kuna mnara wa upana wa 30 unaopanda mpaka 60. Kutoka mbele kwenda nyuma bloku yote ni 50. Sasa juu ya huo mnara kumechimbwa mfereji, unapita kutoka kushoto unatokea kulia, upana 20 na umeshuka 25 kutoka juu. Na mfereji hauko katikati, hapo ndipo mambo yote yalipo, ukuta wake wa mbele ni 10 na wa nyuma ni 20. Vipimo vyote ni milimita.

Jumamosi asubuhi nikachora. Nilikuwa na dirowing bodi ya kuazima, ti-skwea, set-skwea mbili, penseli ya 2H ya mistari hafifu na HB ya kukoleza. Fronti ikatoka safi, ile L, na nikakumbuka kwamba sakafu ya mfereji haionekani kwa mbele juu imefichwa na ule ukuta wa 10, kwa hivo nikaweka mstari wa kukatikakatika kwa kimo cha 35 kutoka ukingo wa kushoto mpaka 30. Plani nikaiweka chini ya fronti, nikashusha mistari kutoka kwa fronti, mstatili wa 80 kwa 50, mstari mmoja wa kuonyesha mnara unaishia wapi, na miwili ya kingo za mfereji. Ukuta wa 10 ukakaa chini kabisa ya plani, ambako ndiko mbele.

Halafu saidi. Nikafikiria hivi: nimesimama kushoto kwa bloku, basi picha yake naiweka kushoto kwa fronti, si ndio? Nikajiona nimesimama pale naangalia mnara, mbele ya bloku iko mkono wangu wa kulia, kwa hivo ukuta wa 10 nikauchora kulia na wa 20 kushoto. Mguu uko nyuma ya mnara siuoni, basi kwa kimo cha 20 nikapitisha mstari wa kukatikakatika. Vipimo nilichukua na rula tu, sikutumia ile laini ya 45 ya kugeuza vipimo kutoka kwa plani, niliona inapoteza wakati. Nikakoleza, nikaandika jina, nikaridhika kabisa.

Anko wangu alikuwa na karakana ya mbao Gikomba, anatengeneza vitanda na kabati, na kabla ya hapo alisomea useremala politekniki ambako walifundishwa droing sawasawa. Nilikuwa nimemwomba anikatie hiyo bloku kwa kipande cha mbao nipeleke darasani. Nikashuka huko mchana na karatasi nimeiviringisha, akaifungua kwa benchi akaibana na nyundo upande mmoja, akaiangalia muda mrefu bila kuongea. Halafu akachukua kipande cha saipresi akaanza kazi. Akapiga randa mpaka 80, 60, 50 zikatimia, akachora L kwa uso wa mbele, akakata. Kufika kwa mfereji akageukia saidi yangu, kwa sababu ni pale tu unaona umbo la mfereji lote, upana na kina. Akasema, "Hii laini ya 20 umeikata kwa nini? Hapa mguu si unaonekana?" Sikuelewa anauliza nini, nikamwambia Anko ni hidden laini, akanyamaza. Baadaye aliniambia alidhani nimeteleza penseli tu. Akapima, akakata kuta mbili na msumeno, akatoa katikati na patasi.

Aliponiletea nikaishika nikaiweka mbele yangu kama kwa ubao, mnara kushoto. Ukuta mwembamba ulikuwa nyuma.

Nikamwambia, "Anko, hii 10 inafaa kuwa mbele." Akasema, "Karatasi yako inasema nyuma." Nikamwonyesha plani, akaiangalia, akakubali kwamba plani inasema mbele, akarudi kwa saidi, akanionyesha na penseli ya fundi kwamba saidi inasema nyuma. Mimi nikajaribu kuigeuza ile bloku nikidhani ni suala la kuizungusha tu, lakini ukiizungusha ukuta mwembamba uje mbele, mnara nao unahamia kulia. Ukiilaza, mfereji hauko juu tena. Haikuwa bloku yangu imegeuzwa, ilikuwa bloku ingine kabisa, ile unaiona kwa kioo, na hakuna njia ya kuizungusha mkononi ikawa ile ya ubao. Hiyo kitu ilinishtua sana, kwa sababu vipimo vyote vilikuwa sawa, hakuna hata kimoja nilichokosea.

Anko akavuta stuli. Akaniuliza, "Umechora fasti engo ama thadi engo?" Nikasema fasti. "Nani amekuambia fasti engo inaweka kushoto kushoto?" Hakungoja nijibu. Akachukua ile ile bloku aliyokata, akailaza juu ya karatasi yangu pale pale kwa fronti, uso wa mbele ukiangalia juu, kichwa cha mnara kikielekea mbali na sisi. Akasema sasa iangushe kuja kwako, mara moja tu. Nikaiangusha ikatua chini ya fronti na nyuso ya juu ikaja juu. "Hiyo ni nini?" Nikasema plani. "Na iko wapi?" Iko chini. Akairudisha kwa fronti. "Sasa iangushe kulia." Nikaiangusha kulia, na upande uliokuja juu ulikuwa ubavu wa kushoto. Mimi nilikuwa nimesoma fasti engo kwa daftari, nikakariri ile alama ya koni iliyokatwa, lakini sikuwa nimewahi kuiona ikitokea hivo kwa mkono. Ukiangusha bloku kulia, ubavu wa kushoto ndio unatazama juu, kwa hivo saidi ya kushoto mahali pake ni kulia kwa fronti. Ni hivo tu.

Na mtu anayesoma karatasi hakuulizi wewe ulifikiria nini, anaangalia mionekano imekaa wapi. Anko aliona plani iko chini, akajua hii ni fasti engo, kwa hivo picha iliyo kushoto kwa fronti lazima ni ya mtu aliyesimama kulia. Mtu aliyesimama kulia, mbele ya bloku iko mkono wake wa kushoto. Basi ukuta niliouchora kulia yeye akausoma ni wa nyuma, na akakata hivo, na alikuwa sawa. Kama ningekuwa nimechora thadi engo, ile Wamarekani wanatumia, saidi yangu ingekuwa mahali pake kabisa lakini plani ingebidi ikae juu. Mimi nilikuwa nimechanganya, nusu ya karatasi ni moja na nusu ni ingine.

Halafu akarudi kwa ile laini ya 20. Akasema hiyo ilikuwa inamwambia ukweli na yeye akaipuuza. Mtu wa kulia anaona mguu ukimjia, ukingo wa juu yake uko wazi, kwa hivo mstari ni mzima. Mtu wa kushoto ndiye mnara unamzibia, ndiye anaukatakata. Kwa hivo picha iliyo mahali pa mtu wa kulia na ina mstari uliokatika kwa 20 haiwezekani, ni lazima imehamishwa. Nafikiri hapo ndipo nilianza kuona kwamba mstari wa kukatikakatika si mapambo ya kupata maksi, unaonyesha nani amesimama wapi.

Tukachora tena hapo hapo nyuma ya karatasi, kwa benchi, kuna vumbi ya mbao kila mahali. Safari hii akanilazimisha laini ya 45. Unaipiga kwa ile kona iliyo kulia kwa plani na chini ya mahali saidi itakaa, halafu kila ukingo wa plani unautoa usawa kwenda kulia mpaka uguse hiyo laini, ukiigusa unapanda wima, na kutoka kwa fronti unaleta kimo na ti-skwea. Zinapokutana ndipo kona ilipo. Sikupima hata kitu kimoja na rula. Mstari wa chini kabisa wa plani, ule wa mbele, ukagonga laini mbali zaidi, ukapanda ukakaa ukingo wa kulia kabisa wa saidi, na ukuta wa 10 ukajipata wenyewe kulia, mbali na fronti. Kama Jumamosi asubuhi ningeipiga hiyo laini upande wa kushoto ingeniletea ukuta wa 10 kushoto, wakati mimi kwa kichwa nauona kulia, na ningejua papo hapo kuna kitu kimeenda vibaya.

Anko akanikatia bloku ya pili. Hakunilipisha, alichukua tu kipande kingine cha saipresi na akafanya pole pole, sasa akiangalia plani na saidi zote mbili kabla ya kugusa msumeno.

Jumatatu nilienda na zote mbili kwa mfuko wa karatasi. Mwalimu akaziweka kwa dawati lake, mnara kushoto zote mbili, akaziangalia, akaniuliza hii ingine ni ya nini nikamweleza. Akanipa chaki. "Haya, ile sahihi, nichoree saidi ya kulia." Nikapiga fronti kwa haraka, nikahamia kushoto kwake, nikaweka ukuta wa 10 kushoto na wa 20 kulia, na kwa kimo cha 20 nikapitisha mstari mzima kutoka ukingo mpaka ukingo.