Renda ya usiku ilivyonitoa jasho, na ule ushauri wa "ongeza wati"

Mteja ana nyumba ya chini pale Kigamboni, paa la vigae, ubaraza mpana, kanjia ka pevingi kutoka geti mpaka mlangoni. Picha za mchana nilizomtengenezea kwa kompyuta kwenye Blender alizipenda, akasema sasa nipe ya usiku, taa zinawaka, iwe na mvuto. Nikaona kazi ya jioni moja. Ilinila wiki na luku sijui ngapi.

Nilianza kama kila mtu anavyoanza, usiku ni giza, basi nikaweka anga nyeusi. Taa zikawaka vizuri tu, ila paa lote likapotea, ukabaki na madirisha matatu yanaelea hewani kama daladala imeharibikia porini. Nikauliza kwa jamaa wa renda, jibu likawa moja: ongeza wati. Nikaongeza. Kuta zikawa nyeupe kama karatasi, paa bado halionekani. Wati haziwezi kukuonyesha paa jamani, taa iko chini ya dari! Kinachoonyesha paa ni anga iliyo nyuma yake.

Ile jioni nikatoka nje na simu, nikasimama barabarani naangalia nyumba za majirani. Jua likizama huku kwetu, kama robo saa baadaye kuna kamuda anga inakuwa bluu nzito na taa za ndani zinalingana nayo, unaona paa, unaona mti, unaona na sebule ya mtu. Kamuda kenyewe kafupi, maana karibu na ikweta jua linashuka wima, ukichelewa kununua vocha umekosa. Hiyo ndiyo "usiku" watu wanayoipenda kwenye picha, usiku wenyewe haumo.

Nikarudi nikazima taa ZOTE kwenye Blender. Nikatengeneza anga peke yake, bluu nzito juu, chini karibu na upeo iwe nyepesi kidogo, nikarekebisha mpaka ukingo wa paa ukasomeka. Ndo nikaanza kuwasha taa moja moja. Macho yanadanganya hasa ukiwa umekaa gizani na skrini, kwa hiyo niliweka False Color, ile inayopaka picha rangi kulingana na ukali wa mwanga: kijivu ni katikati, bluu na zambarau ni giza, nyekundu kwenda nyeupe ni kumeungua. Nikataka anga ikae kwenye bluu, madirisha yaishie njano. Pakigusa nyekundu napunguza, isipokuwa balbu yenyewe, hiyo iache iungue, ndio kazi yake.

Rangi nayo ilinichekesha. Boksi la balbu linasema 3000K, nikaandika 3000 kwenye Blackbody, nodi inayogeuza hizo K kuwa rangi ya taa, nyumba ikawa rangi ya karoti. Sababu ni kwamba nyeupe ya Blender ni kama 6500K, wakati jicho lako na kamera vinaizoea taa ya njano na kuituliza. Niliandika 3800 na ikaonekana kama ile 3000 ya sebuleni kwangu, tena ikiwa jirani na bluu inazidi kuonekana ya joto yenyewe bila kusukumwa.

Njia sasa. Mara ya kwanza niliweka vitaa kumi na mbili, pande zote mbili, vimepangana sawasawa, mke wangu akapita akauliza hiyo ndege inatua saa ngapi. Nikabakisha vitano, kimoja kushoto kinachofuata kulia, karibu mita tatu kati yao, na katikati nikaacha giza kidogo. Lile giza ndilo linalofanya uone duara la mwanga chini. Na pevingi nikaipunguzia Roughness kidogo kama imemwagiwa maji, ikashika bluu ya anga na njano ya mlango kwa pamoja.

Ila ujanja wenyewe ni Light Groups, sijui kwanini hawausemi. Unaunda makundi kwenye View Layer, mi niliweka `anga`, `ndani` na `njia`, kila taa unaipa kundi lake, na anga unaipa kule kwenye World. Unarenda mara moja, halafu kwenye Compositor kila kundi linatoka peke yake, unalizidisha au kulipunguza, unayajumlisha, mwanga unajumlishika tu hauna ugomvi. Angalizo, hayo makundi yanatoka na chenga, ule usafishaji wa kawaida hauyagusi, mi nilihisi kompyuta imekufa. Weka nodi ya Denoise mwishoni, baada ya kujumlisha.

Mteja alivyoona akasema nzuri sana, ila njia ipunguzwe kidogo na sebule iongezwe. Nikamwambia boss hiyo ni kurenda upya, nipe mpaka keshokutwa. Ukweli ilikuwa ni namba mbili tu kule kwenye Compositor, nikabadilisha nikaenda kulala.