Rezista tatu, multimita ya bei nafuu, na usomaji uliokataa kulingana

"Pima volti tu, ukipima ampea utaunguza fyuzi." Huo ndio ushauri niliopewa na kaka mmoja aliyenitangulia chuoni, nilipomwambia nataka kuthibitisha kanuni ya ubadilishanaji kwa mikono yangu. Ulinipotezea jioni nzima, na bado unanikera.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kwenye saketi ya rezista yenye chanzo kimoja, weka chanzo cha volti kwenye tawi moja na ampea mita kwenye tawi jingine, kisha vibadilishane nafasi. Mkondo ukiugawa kwa volti, jibu linabaki lile lile. Nilitengeneza umbo la herufi T: kiloomu 1 mkono wa kushoto, kiloomu 2.2 mkono wa kulia, na kiloomu 3.3 ikishuka katikati hadi ardhi. Rezista zilikuwa za asilimia 1, nilizinunua Kariakoo kwa hela ya chai. Pawa saplai niliazima.

Nikafuata ushauri. Volti 6 kushoto, voltimita kulia: 4.60. Nikabadilisha, volti 6 kulia na voltimita kushoto: 3.60. Nikakagua nyaya, nikabadilisha brediboadi, nikapima rezista moja moja. Zote zilikuwa nzima, na majibu yalibaki vile vile.

Kosa nililiona nilipoacha kushika nyaya na kuanza kuchora. Chanzo cha volti ukikizima, mahali pake panakuwa kama waya mtupu. Voltimita mahali pake ni kama pameachwa wazi. Kwa hiyo kila nilipobadilisha, palipokuwa na waya pakawa wazi na palipokuwa wazi pakawa na waya: nilikuwa napima saketi mbili tofauti! Ampea mita ndiyo inayofanana na waya, ndiyo maana inakwenda na chanzo cha volti. Voltimita mwenzake ni chanzo cha mkondo, nami sikuwa nacho.

Nikahamia ampea, kwenye alama ya 2m. Hesabu ilinionyesha mkondo hautafika miliampea 2, basi hofu ya fyuzi haikuwa na msingi. Chanzo kushoto: 1.497. Chanzo kulia: 1.484. Wengi wangeandika "takriban sawa" wakaenda kulala. Mimi nilikataa. Nilirudia mara tano na tofauti ikabaki upande ule ule, wakati makosa ya bahati huyumba huku na huku. Wala sikuweza kuzisingizia rezista. Hata rezista ikiwa na thamani isiyo sahihi, ni ile ile katika vipimo vyote viwili, na kanuni haijali thamani yake.

Kilichohama ni mita. Multimita ndogo za aina yangu, kwenye alama ya 2m, zina ukinzani wa ndani wa omu 100. Kwa hiyo mkono wa kulia ulikuwa omu 2300 kipimo cha kwanza, na kipimo cha pili omu hizo 100 zikahamia kushoto. Saketi ilibadilika tena, safari hii kidogo tu.

Dawa niliyoipata najivunia mpaka leo. Nilichukua rezista ya omu 100 nikaiunga mfululizo na chanzo, na chanzo kikihama, inahama nacho. Sasa popote mita ilipo pana omu 100, na popote chanzo kilipo pana omu 100. Saketi haijui kama kuna kilichobadilishwa. Nikapima: 1.436. Nikabadilisha: 1.436. Nikakaa nikaitazama ile namba kwa muda mrefu.

Ukirudia, ncha nyekundu ya mita na chanya ya chanzo zibadilishane viti, la sivyo utapata alama ya kutoa. Volti zipime saketi ikiwa inafanya kazi, hasa ukitumia betri. Si lazima ziwe sawa pande zote mbili, maana kinacholinganishwa ni uwiano. Nilipoweka volti 4 upande mmoja nilipata 0.957, na ukigawa unapata miliampea 0.239 kwa kila volti, sawasawa na kwenye volti 6.

Mwisho niliing'oa ile kiloomu 3.3 nikaweka daiodi nyekundu ya mwanga, chanya yake juu. Chanzo kushoto, mita ikasoma karibu 0.8. Chanzo kulia, ikapita 1.5. Daiodi hung'ang'ania volti zake, kama 1.8, hata mkondo ubadilike. Volti hizo hizo zikisukuma omu 2300 upande mmoja na omu 1100 upande mwingine, mikondo haiwezi kulingana, na hapo hata ile rezista yangu ya omu 100 haisaidii kitu.