Taulo moja la bluu

Leo jioni, hapa Ujiji, nimeng'oa msumari uliokuwa nyuma ya mlango wa bafu letu.

Kwa miezi minne majipu yamezunguka nyumbani: yalianza kwa kijana wangu anayecheza mpira, yakahamia kwapani kwa dada yake, kisha yakamrudia kijana pajani, na kila mara tulimtibu aliyeugua peke yake.

Asubuhi daktari aliuliza kwanza nani anatumia taulo la nani. Alieleza kuwa bakteria wa stafilokokasi hukaa puani bila kuumiza, hivyo hata aliyepona huweza kuwaambukiza wengine.

Majipu yakishapona, sote watano tutapaka marhamu ya mupirosini puani mara mbili kwa siku na kuoga kwa dawa ya kuua vijidudu ya klorheksidini, kwa siku 5 zilezile, huku taulo na mashuka yakifuliwa kwa maji ya moto na kila mmoja akiwa na wembe wake. Ametuonya kwamba bado yanaweza kurudi.

Kwenye msumari ule lilining'inia taulo la bluu, bichi bado, lenye doa la usaha ukingoni.

Ndilo nililowafutia watoto nyuso.

Ndugu zangu mliopitia haya, nyumba nzima mliikamilishaje dozi?