Jinsi nilivyoandika upya barua pepe ya kudai risiti za safari

Ninafanya kazi katika kitengo cha uhasibu cha shirika moja mjini Morogoro, na sehemu kubwa ya barua pepe ninazotuma kwa wenzangu ni za kudai marejesho ya masurufu. Mtu akipewa fedha za safari, akirudi anapaswa kujaza fomu ya marejesho na kuambatanisha risiti. Asipofanya hivyo hadi hesabu za mwezi zinafungwa, kwa utaratibu wetu fedha hizo hukatwa kwenye mshahara wake. Kwa muda mrefu niliandika madai hayo kwa kunakili barua moja niliyoirithi kwa aliyenitangulia, nikibadilisha jina na tarehe tu. Ilisomeka hivi:

"YAH: MAREJESHO YA MASURUFU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unakumbushwa kuwa hadi sasa hujawasilisha risiti za safari. Unatakiwa kuziwasilisha mara moja. Kushindwa kufanya hivyo kutapelekea hatua kuchukuliwa dhidi yako." Chini yake nakala ilikwenda kwa mkuu wa idara.

Siku moja niliituma kwa afisa wetu wa mashambani, aliyekuwa ametoka Kilosa kwa safari ya siku 5. Siku 4 zilipita bila jibu, na siku ya 5 akaja mezani kwangu akiwa amesimama wima, hakuketi. Akaniuliza, "Dada, risiti zipi? Mimi nilileta bahasha nzima siku niliyorudi." Nilipofungua jalada lake niliona kweli bahasha ipo: risiti za malazi zilikuwemo zote, na zilizokosekana ni 2 tu, ya mafuta na ya kuziba tairi. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu halisi. Nilikuwa nikiamini kwamba barua ile ni kali lakini inaeleweka, kumbe haikumwambia mtu yule jambo hata moja alilohitaji kulijua: ni risiti gani, anipe lini, na kwa nini ni haraka. Maneno ya kiofisi yalikuwa yamejaza nafasi ambayo taarifa ilipaswa kukaa.

Kabla ya kisa hicho nilikuwa nimeshajaribu mara moja kuirekebisha barua ile, nikaenda upande wa pili. Mwenzetu mwingine alipochelewesha marejesho nilimwandikia, "Samahani sana kwa usumbufu, najua una kazi nyingi, ila ukipata nafasi ingekuwa vizuri kama ungeweza kunisaidia zile risiti." Alinijibu kwa furaha kwamba hamna shida, na risiti hazikuja hadi mwezi ukafungwa. Siwezi kumlaumu, kwa sababu "ukipata nafasi" maana yake ni kwamba asipoipata hana deni, na "ingekuwa vizuri kama ungeweza" ni lugha ya jambo linalotamaniwa, si ya jambo linalodaiwa. Nilikuwa nimelainisha tarehe ya mwisho badala ya kulainisha namna ya kuzungumza naye. Fedha zilikatwa kwenye mshahara wake, naye aliniambia kwa uchungu kuwa laiti ningemwambia siku kamili angezileta. Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa nilidhani nilimtendea wema.

Basi nilirudi kwenye ile barua ya Kilosa, nikaipitia neno kwa neno. Nilianza na "unakumbushwa" na "unatakiwa". Vitenzi hivi viko katika kauli ya kutendwa na havimtaji mtendaji: nani anakumbusha, nani anataka? Msomaji anasikia sauti ya ubao wa matangazo, wakati anayemwandikia ni mimi ninayekunywa naye chai kila siku saa 4 asubuhi. Nikaweka "naomba uniletee", ambayo ina mimi ndani yake na ina yeye, na bado ni ombi lisilo na shaka juu ya kinachotakiwa. "Lete" peke yake ingekuwa amri, na kwa mtu mzima mwenzako kazini amri tupu hukwaruza.

Halafu nikafika kwenye "hujawasilisha". Neno hili linahukumu, na mara nyingine linahukumu kimakosa, maana imewahi kutokea risiti zikawa zimeletwa na kuchanganyika kwenye jalada la mtu mwingine. Niliandika "sijaziona". Ukweli ni uleule, ila sasa ninasema ninachokijua mimi, na ninamwachia nafasi ya kujibu kwamba alishazikabidhi kwa fulani. Badiliko hili dogo ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu limepunguza ugomvi mwingi ofisini kwetu.

Kitisho cha mwisho nilikiondoa, lakini madhara yake sikuyaficha. "Hatua kuchukuliwa" haisemi hatua gani, na kwa hiyo inatisha bila kuarifu. Kueleza kwamba fedha zitakatwa siku fulani kwa sababu hesabu zinafungwa ni kumpa mtu habari anayoweza kuifanyia kazi. Nakala kwa mkuu wa idara niliifuta pia, kwani katika ukumbusho wa kwanza mtu huisoma nakala ile kama mashtaka kabla hata hajasoma barua yenyewe.

Barua ilitoka hivi. Kichwa chake: "Risiti 2 za safari ya Kilosa, kabla ya Alhamisi saa 6 mchana". Kisha: "Kaka, habari za asubuhi, na pole na safari. Bahasha yako nimeipata na risiti za malazi zimekamilika, asante. Zimebaki 2 ambazo sijaziona: ya mafuta ya tarehe 14 na ya kuziba tairi ya tarehe 16. Naomba uniletee kabla ya Alhamisi saa 6 mchana, kwa sababu mchana huo ninafunga hesabu za mwezi, na kiasi kisicho na risiti kitakatwa kwenye mshahara. Ya mafuta iwe ya mashine ya EFD. Kama mojawapo imepotea, nipigie leo au kesho tuone la kufanya."

Salamu na "pole na safari" vilichukua mstari mmoja tu, na nadhani mstari huo mmoja unatosha. Salamu ya mistari 3 kabla ya dai humfanya msomaji aanze kujiuliza anaombwa nini. Kwa mkuu wangu, au mtu aliyenizidi umri sana, nisingeandika "kaka", ningeanza na "Shikamoo mzee" au "Shikamoo mama" kama ninavyomsalimu mlangoni, lakini tarehe na orodha ya kinachodaiwa vingebaki vilevile. Ukumbusho wa 3 kwa mtu asiyejibu, pamoja na barua ya onyo, bado ninaviandika kwa mtindo rasmi wa shirika, na nakala hurudi, kwa kuwa wakati huo barua ni kumbukumbu ya jalada na kila mmoja anapaswa kuiona hivyo.

Yule afisa alinipigia siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Risiti ya mafuta alikuwa nayo kwenye gari, na akaileta jioni. Ya tairi hakuwahi kupewa, kwa sababu fundi alikuwa wa kando ya barabara asiye na kitabu cha risiti. Nikamwelekeza aandike maelezo na kuyapeleka kwa mkuu wake ayasaini, na Jumatano masurufu yake yakafungwa.